Muundo wa AIDA katika tangazo fupi la redio la mbolea ya mahindi

AIDA ni muundo wa kupanga ujumbe wa mauzo kwa hatua nne zinazofuatana: kuvuta usikivu wa mlengwa, kuamsha shauku yake ya kujua zaidi, kujenga hamu ya kukipata kinachouzwa, na hatimaye kumfanya achukue hatua. Kwa kawaida chimbuko lake huhusishwa na Mmarekani Elias St. Elmo Lewis, aliyeandika kuhusu matangazo mwishoni mwa karne ya 19. Muundo huu hutumika katika mabango, barua na magazeti, lakini katika redio una ugumu wake, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena sentensi iliyompita. Hatua moja ikikosewa, zinazofuata hazina pa kushikilia.

Tuchukue tangazo la sekunde 45 la urea, mbolea ya kukuzia, linalowalenga wakulima ambao mahindi yao yamekwisha kuota. Maneno yake yanaweza kuwa hivi:

JIRANI: Jirani, mbona majani ya chini ya mahindi yako yanageuka manjano kuanzia nchani?

MKULIMA: Nilidhani ni ukame, lakini mvua ipo.

JIRANI: Hayo yana njaa ya naitrojeni. Mmea unanyang'anya majani ya chini ili ulishe ya juu.

MKULIMA: Sasa yatabeba kweli?

JIRANI: Yangu msimu uliopita yalikuwa hivyo hivyo. Nikaweka urea yakiwa magotini, udongo una unyevu, nikaifukia. Gunzi likajaa punje mpaka nchani.

MSIMULIZI: Mahindi yako yamefika magotini? Jioni hii kagua majani ya chini. Yakiwa na manjano, muulize muuza pembejeo urea ya kukuzia, mvua ikiwa bado ipo.

Sentensi ya kwanza inabeba kazi ya usikivu, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Watayarishaji wengi huanza na king'ora, muziki mkali au jina la kampuni. King'ora humshtua kila mtu, akiwamo asiyelima, kisha hakimpi yeyote sababu ya kuendelea kusikiliza. Jina la kampuni nalo halina uzito kwa mtu ambaye bado hajaambiwa kwamba ana tatizo. Majani ya chini yanayogeuka manjano humchagua mkulima mwenye dalili hiyo shambani mwake, na kumwacha mwingine aendelee na shughuli zake bila hasara kwa yeyote. Dalili yenyewe lazima iwe sahihi. Upungufu wa naitrojeni katika mahindi huanzia kwenye majani ya zamani: umanjano hutokea nchani na kuingia kwa umbo la V kufuata mshipa wa kati, huku kingo zikibaki kijani kwa muda. Tangazo lingesema tu “majani ya manjano”, lingewaita pia wakulima ambao mashamba yao yametuama maji au yamekosa madini mengine, na hao wangenunua dawa isiyo ya ugonjwa wao.

Shauku huja pale msikilizaji anapopewa sababu ya kile alichokiona mwenyewe. Naitrojeni ni kirutubisho kinachohama ndani ya mmea, kwa hiyo inapopungua udongoni, mahindi huiondoa katika majani makongwe na kuipeleka kwenye machipukizi. Sentensi moja ya jirani inatosha kulieleza jambo hilo. Hapa kuna kishawishi cha kutaja kwamba urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50. Takwimu hiyo ni ya kweli, na ina manufaa kwa mtu anayelinganisha mifuko miwili akiwa dukani, lakini ikisikika mara moja hewani hupita bila kushikwa, tena hula sekunde ambazo maelezo ya chanzo yangezitumia vyema zaidi.

Shauku na hamu ndizo hatua mbili ambazo waandishi wa matangazo huzichanganya. Mwenye shauku anataka kuelewa. Mwenye hamu anataka jambo fulani liwe lake. Mkulima anaweza kuielewa naitrojeni vizuri kabisa na bado asione haja ya kutoa fedha. Kinachomvusha katika mfano wetu ni swali la mkulima, “Sasa yatabeba kweli?”, kwa sababu linaitamka hofu ambayo msikilizaji tayari anayo, kisha linajibiwa kwa kitu anachokijua kwa macho na kwa vidole: gunzi lililojaa punje mpaka nchani, badala ya lile lenye ncha tupu. Kumwahidi mavuno maradufu kungesikika kwa nguvu zaidi, lakini si haki kuahidi hivyo, kwa kuwa mavuno hutegemea pia mvua, mbegu, palizi, wadudu na hali ya udongo. Jirani anasimulia kilichotokea shambani mwake, bila kudai kwamba kitatokea kwa kila mtu. Hata hivyo, simulizi hiyo ni halali tu ikiwa inalingana na matokeo ambayo wakulima huyapata kweli.

Maneno “udongo una unyevu, nikaifukia” yanaonekana kama maelezo ya kitaalamu yaliyopotea njia, na mhariri mwenye haraka angeyakata kwanza. Mimi ningeyatetea hadi mwisho. Urea ikiachwa juu ya udongo, hasa udongo wenye unyevu kidogo usiopata mvua ya kuizamisha, sehemu ya naitrojeni yake hugeuka kuwa gesi ya amonia na kupotea hewani. Muundo wa AIDA huishia kwenye ununuzi, lakini mkulima atakayeitumia mbolea vibaya hatalisikia tangazo linalofuata kwa moyo ule ule.

Hatua ya mwisho inadai tendo moja, dogo, lenye wakati wake. Namba ya simu yenye tarakimu kumi haifai hapa, maana aliyeshika jembe hana kalamu. Msimulizi anamtuma kwanza shambani kukagua, jambo lisilo na gharama, kisha kwa muuza pembejeo. Kipimo cha mbolea kwa kila shina hakisemwi hewani. Hicho huachiwa afisa ugani na maelekezo yaliyo kwenye mfuko wa mbolea, kwa kuwa hutofautiana kulingana na udongo na nafasi za kupandia. Ratiba ya kurusha tangazo nayo ni sehemu ya hatua hii. Likisikika wakati wa kupanda, hakuna majani ya kukagua. Likisikika mahindi yakiwa yametoa mbelewele, wakati bora wa kukuzia umekwisha kupita. Mahali pake ni majuma kadhaa baada ya mahindi kuota, yanapokaribia urefu wa magoti.

Kabla ya kulilipia, tangazo lichezwe mara moja tu mbele ya wakulima wachache, kisha waulizwe walichokisikia. Anayekumbuka mazungumzo ya majirani lakini si mbolea alivutwa na sauti, na dalili haikumgusa. Anayejua kwamba majani yana njaa lakini haoni sababu ya kununua alifikia shauku tu, kwa hiyo jibu la jirani ndilo la kuandikwa upya. Na anayesema ataitafuta urea “siku moja” amepata hamu bila hatua. Kwake sentensi ya msimulizi haijataja wakati kwa uwazi wa kutosha.