Waraka wa kupiga marufuku sigara karakanani: maswali na majibu

Mimi ni msimamizi wa karakana ya masofa Mwanza. Tuko 9, watatu wanavuta. Nataka kumwandikia bosi waraka, lakini je, si afadhali tuwatengee kona ya ndani yenye feni?

Hapana. Feni haiondoi moshi, inautembeza tu. Chembe zake ni ndogo mno, zinaelea hewani muda mrefu baada ya sigara kuzimwa, kisha zinaganda kwenye sponji na vitambaa. Anayeshona kiti upande wa pili anauvuta vilevile, na hakuna kiwango cha moshi wa mwenzio kilichothibitika kuwa salama. Karakana yenu ina hatari nyingine: mvuke wa gundi ya sponji na thina unawaka upesi. Hoja hii ya moto iandike mwanzo, maana mabosi wengi huisikia kuliko ya mapafu.

Wasiovuta wananung'unika: "Wao wanatoka kila saa, sisi tunabaki na kazi." Niwakataze wavutaji kutoka kabisa?

Ukiwakataza watavutia chooni. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu ndani ya takriban saa 2, ndiyo maana arosto inarudi asubuhi hiyohiyo. Mtu anakuwa na hasira, mkono hautulii, na anashika mkasi.

Ila manung'uniko yao ni ya haki. Anayetoka mara 5 kwa dakika 10 amepoteza dakika 50 kwa siku. Dawa ni kuwapa watu wote mapumziko sawa, atakayevuta na atakayekunywa chai.

Niandikeje sasa?

Kama mnafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 11 jioni, andika hivi:

"Napendekeza sigara isivutwe karakanani, stoo, chooni wala ndani ya gari la mizigo, hata milango ikiwa wazi. Kila mfanyakazi apate mapumziko ya dakika 10 saa 4:15 na saa 9:30, bila kukatwa mshahara. Saa nzima ya chakula ibaki palepale. Anayevuta avutie uani, mbali na mlango, madirisha na stoo ya gundi, na azimie kwenye debe la mchanga. Utaratibu uanze baada ya wiki 4. Anayetaka kuacha apewe ruhusa ya kwenda kituo cha afya bila kukatwa siku."

Saa ya chakula usiiguse: sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Ukizitoa zile dakika 20 humo, utakuwa umewapa kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mwingine.

Nitajuaje kama unafuatwa?

Angalia vichungi. Vikijaa deboni, sawa. Ukivikuta nyuma ya choo au kizingitini, huenda debe liko juani au mbali mno kwa dakika 10. Lisogeze kivulini kwanza, barua ya onyo baadaye. Na bosi naye, kama anavuta, atoke nje kama wengine.