Hatua moja ndefu haipimi njia nzima

"Nimepima hatua yangu, sentimita 80. Picha ya kihesabu-hatua inaonyesha 6412. Basi nimetembea kilomita 5,13?"

Hapana, umbali huo umezidi. Anayepima hatua moja akitoka kusimama hunyoosha mguu bila kujua. Chora mstari mrefu wa chaki kwenye lami, uweke alama ya kuanzia, lakini anza kutembea mita 5 kabla yake ili mwendo utulie. Kisigino kinapogusa alama, sema sifuri. Hesabu kila mguu unaokanyaga hadi 20, kisha pima kutoka kisigino hadi kisigino. Tuseme umepata mita 13,10: gawa kwa 20, hatua ni mita 0,655. Ukihesabu mguu wa kulia peke yake, jibu litakuwa maradufu, kwa sababu kifaa huhesabu miguu yote miwili.

Picha nazo ziwe mbili. Namba 6412 inabeba pia hatua za asubuhi nyumbani. Ikiwa picha ya kuondoka ilionyesha 1180, safari ni hatua 5232, yaani karibu kilomita 3,4. Kosa la sentimita moja tu kwa hatua hapa ni mita 52.

Kati ya picha hizo usipande pikipiki: mtikisiko wake unaweza kuhesabiwa kama hatua. Na kama njia yako Goma inapita juu ya mawe ya volkano, hatua hufupika. Pima tena palepale, si kwenye lami.