Intaneti ina kasi, picha ina ukungu: makosa yanayorudiwa kuhusu Netflix kwenye simu

Dhana: Laini yangu ni megabiti 40 kwa sekunde, lazima picha iwe safi.

Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa picha ya 1080p, yaani Full HD. Ukishafika hapo kwa uhakika, hizo 35 zilizobaki haziing'arishi picha ya simu. Laini mbovu ina dalili yake: picha hupanda na kushuka. Filamu hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa tayari kwa viwango kadhaa vya ubora. Programu huangalia vipande vinaingia upesi kiasi gani na akiba iliyonayo ni ya muda gani, kisha huchagua kiwango cha kipande kinachofuata. Ndiyo maana ukungu wa sekunde za mwanzo ni wa kawaida. Lakini picha ikikaa kwenye ubora wa chini wa 480p mwanzo hadi mwisho, bila kukwama hata mara moja, acha kumlaumu mtoa huduma wa intaneti.

Dhana: Skrini ya simu ni Full HD, basi na filamu itakuwa Full HD.

Hapa ndipo wengi hunaswa, hasa wanunuzi wa simu za bei nafuu. Kwenye Android, filamu hulindwa na mfumo uitwao Widevine. Simu yenye kiwango cha L1 hufungua filamu ndani ya sehemu salama ya chipu. Yenye L3 hutegemea programu peke yake, ambako ni rahisi zaidi kuinakili filamu, kwa hiyo Netflix huipa ubora wa SD tu, yaani ule wa chini wa 480p, hata skrini iwe nzuri namna gani.

Kujua ni kazi ya dakika moja. Ndani ya programu ya Netflix ingia App Settings, kisha Playback Specification. Ukikuta Widevine L3 na Max Playback Resolution ikisema SD, hakuna mpangilio wa akaunti utakaokusaidia. Tazama kwenye kifaa kingine. Baadhi ya simu zilizaliwa na L1 zikashuka baada ya fundi kufungua bootloader, programu inayoiwasha simu. Kwa simu ya mtumba, kagua hili kabla hujatoa pesa.

Dhana: Simu ni L1 na nalipia kila mwezi, hakuna kingine cha kunizuia.

Inategemea unalipia nini. Kifurushi cha Netflix kiitwacho Mobile huishia 480p, na 1080p huanzia Standard.

Kifurushi kikiwa sawa, fungua akaunti kwenye kivinjari, chagua profaili unayotumia, kisha Playback settings. Mtu aliyewahi kubana bando akaweka Low hutumia takriban GB 0.3 kwa saa, na ukungu huo humfuata hadi kwenye televisheni, kwa sababu mpangilio ni wa profaili, si wa kifaa. Weka Auto au High, halafu toka kwenye akaunti na uingie upya. Usipofanya hivyo, badiliko linaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, nawe ukadhani umekosea.