Je, wajua kwa nini mkalimani wa lugha ya alama huuliza saa kabla ya kutaja bei?

"Nimempigia mkalimani wa lugha ya alama aje kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha kahawa, huku juu Moshi. Nilitaka bei tu. Yeye akaanza: mnaanza saa ngapi, mtamaliza saa ngapi, mtakaa ndani au nje, madirisha yako upande gani? Madirisha yetu yanamhusu nini?"

Yanamhusu, kwa sababu bei unayoitaka inatoka humo humo. Mpaka ajue mkutano utakwenda kwa muda gani, hajui kama anakuja peke yake au na mwenzake. Na mpaka ajue mtakaaje, hajui kama viziwi wenu watamwona. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, Moshi na Arusha, na safari zilizonishinda zilikuwa zimeshaharibika kwenye simu kabla sijapanda gari.

Tuanze na muda. Mkalimani wa lugha ya alama hangoji msemaji amalize sentensi ndipo aanze. Anasikiliza maneno ya sasa huku mikono yake ikitoa maneno ya sekunde chache zilizopita. Kichwa kinafanya kazi mbili kwa pamoja, na kinachoka kabla ya mikono. Ndiyo maana, mkutano ukizidi saa moja hivi, tunakwenda wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20, au 30 mazungumzo yakiwa mepesi. Utafiti uliofanyiwa Geneva na kuchapishwa mwaka 1998, kwa wakalimani wa lugha za kusemwa, ulionyesha kwamba wakiachwa waendelee kupita nusu saa, makosa ya maana yanaongezeka, na wao wenyewe hawaoni kwamba wameharibikiwa. Hilo la pili ndilo baya. Mkalimani aliyechoka hatakwambia amechoka. Atakwambia yuko sawa.

Wewe uliyemwita unaweza kumwona, hata kama hujui alama moja. Mtazame usoni. Katika lugha ya alama, uso ni sehemu ya sarufi: swali mara nyingi linakaa kwenye nyusi. Mtu akichoka, uso unatulia kama wa abiria wa safari ndefu, mikono inaendelea, lakini maswali yanageuka kuwa maelezo. Mwenyekiti ameuliza, "Tukubali makato haya?" Kiziwi ameona, "Tunakubali makato haya." Kisha tarakimu zinaanza kudondoka, na kiziwi anaanza kuchungulia karatasi ya jirani. Ukiona hayo, mpe mapumziko au mwambie mwenzake ashike zamu.

Yule mwenzake, tuelewane, hajapumzika. Waandaaji huniuliza, "Huyu wa pili mbona amekaa tu, tunamlipia nini?" Amekaa mahali ninapomwona. Nikikosa jina la dawa ya mibuni au kiasi cha deni, ananirushia kwa alama ndogo mapajani. Anaandika tarakimu. Anaangalia kama viziwi wanaitikia au wameshapotea.

Sasa, Kiswahili chetu kina mitego miwili kuhusu saa. Wa kwanza: ukiniambia "mkutano wa saa mbili", sijui kama unaanza saa mbili asubuhi au unachukua saa mbili. Mimi nimeshasikia yote mawili katika simu moja. Andika kuanzia saa fulani hadi saa fulani, basi.

Mtego wa pili upo zaidi Arusha, kwenye ofisi ambako barua zinaanza kwa Kiingereza. Shirika moja lilipanga kikao saa 9:00 mchana. Kwenye ratiba yao ya Kiingereza iliandikwa 3:00, karani akaihamishia kwenye ujumbe wangu: "saa 3:00". Nikatoka Moshi kabla ya jua kuchomoza, Coaster ikasimama Boma Ng'ombe, ikasimama Usa River, ikasimama kila penye mtu na gunia, na saa tatu kasoro robo nilikuwa getini. Mlinzi akaangalia daftari lake. "Mkutano upo, dada, lakini bado saa sita." Nilidhani anasema utaanza saa sita. Alikuwa na maana ya saa sita za kusubiri. Tangu siku hiyo sikubali saa isiyo na asubuhi, mchana au jioni pembeni yake, na mwaliko ukiwa na lugha mbili naomba saa zote mbili zitajwe: saa 9:00 mchana, yaani 15:00.

Na useme saa ya kweli. Kadi inasema saa tatu, watu wanafika saa nne, mgeni rasmi saa tano kasoro. Kila mtu analijua hilo isipokuwa ratiba ya mkalimani, ambaye pengine saa nane ameahidi kuwa hospitali na mama mjamzito kiziwi. Kama mnajua mtachelewa, mwambie. Tutalipwa kwa nusu siku au siku nzima vyovyote vile, lakini yule mama hatasubiri.

Nije kwenye madirisha. Kiziwi anasikiliza kwa macho, kwa hiyo mwanga kwake ni kama kipaza sauti kwako. Chukua ukumbi wenu: chumba kirefu cha darasa, madirisha makubwa upande wa mashariki. Saa tatu asubuhi jua bado liko upande huo. Nikisimama na madirisha hayo mgongoni, viziwi wataona umbo jeusi linalopunga mikono, uso hakuna. Nikivuka upande wa pili, jua lile lile linanipiga usoni na wananiona vizuri. Ukiuhamishia mkutano huo huo saa saba mchana, jua limepanda juu na tatizo limekwisha lenyewe. Ndiyo maana saa ya kuanza na mahali ni swali moja kwangu, si mawili. Na kama mtazima taa ili kuonyesha picha ukutani, niachieni taa moja.

Mahali pangu ni karibu na msemaji, kidogo pembeni, ili kiziwi amwone yeye na mimi kwa jicho moja. Viziwi wakae mbele, pasipite mtu katikati na sinia la maandazi. Nivae rangi moja inayoachana na rangi ya mikono yangu. Chama kimoja kiliwahi kunishonea sare ya kitenge chenye maua makubwa, kwa upendo kabisa, na vidole vyangu vikapotelea kwenye maua siku nzima.

Basi tuuchukue mkutano wako wenyewe, uliokuja kuwa kazi yangu. Uliponipa maelezo yote, ujumbe ulikuwa hivi:

"Tunaomba wakalimani wawili wa lugha ya alama kwa mkutano mkuu wa mwaka wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha kahawa, Jumamosi. Kuanza saa 3:30 asubuhi, wakalimani wafike saa 3:00. Kumaliza saa 8:30 mchana. Chai saa 5:30 hadi 6:00. Ukumbi wa shule ya msingi, ndani, madirisha mashariki, kipaza sauti kimoja. Watu kama 120, viziwi watatu, wawili walisoma shule ya viziwi, mmoja hakusoma. Lugha ni Kiswahili, wazee huchanganya Kichaga. Taarifa ya mapato na matumizi tutawatumia Alhamisi."

Piga hesabu. Saa 3:30 hadi 8:30 ni saa tano. Toa nusu saa ya chai, zinabaki dakika 270. Kwa zamu za dakika 20, ni zamu kumi na tatu na nusu, karibu saba kwa kila mmoja. Wawili wanatosha, ila chai isirukwe. Mtu mmoja angefika kwenye chai akiwa ameshaanza kudondosha tarakimu, na taarifa ya fedha, kwa kawaida, mnaiweka baada ya chai.

Nusu saa ya kufika mapema ni ya kukutana na viziwi. Alama hutofautiana hapa nchini kwa kadiri ya shule mtu aliyosoma. Alama ya "mkopo" ninayoitumia mimi huenda si yake. Tunakubaliana pale nje, chini ya mti: mkopo hivi, makato hivi, katibu alama ya jina lake ni hii. Yule wa tatu ambaye hakusoma ana alama za nyumbani kwao tu. Kwake huyo inabidi nimwombe mwanawe au kiziwi mwenzake anayemfahamu akae naye, kwa sababu hata mkalimani hodari hawezi kujifunza lugha ya nyumba moja kwa dakika thelathini. Ni vizuri mlinitajia.

Na Kichaga. Wazee wakikasirika hawakasiriki kwa Kiswahili. Kama mkalimani anatoka Singida, mikono itasimama hapo. Hata Wachaga wenyewe, Mmachame hamwelewi Mrombo kwa urahisi. Dawa yake ni mtu wa kijiji kukaa jirani yangu, anigeuzie kwa Kiswahili, nami nigeuze kwa alama. Arusha wanaijua njia hii kwa ukubwa wake: katika mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, maneno ya shahidi wa Kinyarwanda yalipita kwenye Kifaransa ndipo yakafika kwenye Kiingereza. Inafanya kazi, lakini kila daraja linaongeza muda, na wazee wakiwa wengi, saa tano zenu zitakuwa tano na nusu.

Jambo moja liliachwa kwenye ujumbe, nami nikaliuliza kwa simu: ajenda ya mwisho ni ipi? "Mengineyo." Nikaomba tuandike kumaliza saa 9:00, si 8:30. Mengineyo ndipo mbolea ambayo haikufika inapozungumzwa, na huwa haina dakika. Nikaomba pia kipaza sauti cha pili, kwa kuwa kiziwi akinyanyua mkono, mimi ndiye sauti yake, na sauti yangu haifiki kwenye viti vya nyuma.

Siku yenyewe, saa 8:40, alisimama mmoja wa wale viziwi, mkulima wa mibuni mia mbili hivi, akauliza kwa nini kilo zake za msimu uliopita kwenye daftari la mizani ni pungufu kuliko risiti aliyonayo mfukoni. Katibu akaomba daftari liletwe. Nilishika kipaza sauti mpaka saa 9:05.