Kwa nini 0.999… ni sawa na 1

Wengi wakiambiwa kwamba 0.999… ni sawa na 1 hukataa, na hoja yao huwa moja: tisa zinaongezeka, namba inaikaribia 1, lakini haifiki. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inahusu kitu kingine.

Tujumlishe hatua kwa hatua. Tunaanza na 0.9, tunaongeza 0.09 tunapata 0.99, tunaongeza 0.009 tunapata 0.999. Kila jumla ina tisa zinazohesabika na kila moja ni ndogo kuliko 1. Pengo lililobaki ni 0.1, kisha 0.01, kisha 0.001, katika hatua ya n ni 1/10ⁿ. Ni kweli, hakuna hatua hata moja ambayo pengo ni sifuri.

Lakini 0.999… si mojawapo ya hatua hizo. Alama hiyo inataja kikomo cha jumla hizo: namba ambayo jumla zetu huikaribia kwa kiasi chochote utakachodai, na zikishafika ndani ya kiasi hicho hazitoki tena. Dai pengo lisilofika 1/5000. Hatua ya nne inakupa 1/10000, na zote zinazofuata zina pengo dogo zaidi. Punguza dai lako upendavyo, ipo hatua itakayolitimiza, maana 10ⁿ hukua hadi kupita namba yoyote.

Je, kikomo hakiwezi kuwa chini ya 1 kidogo tu? Tuseme ni 0.99995. Hatua ya tano, 0.99999, imeshaipita, na jumla hazirudi nyuma. Zitabaki mbali nayo kwa 0.00004 au zaidi. Namba yoyote iliyo chini ya 1 itapitwa hivyo hivyo. Iliyo juu ya 1 nayo haikaribiwi, kwa sababu jumla hazivuki 1. Imebaki 1 peke yake. Anayesema tofauti ni “0.000…1” aonyeshe ile moja inakaa nafasi ya ngapi: akitaja nafasi ya mia, pengo la hatua ya mia na moja tayari ni dogo kuliko hiyo.

Shuleni hutumika njia fupi: x = 0.999…, basi 10x = 9.999…, ukitoa unapata 9x = 9. Jibu ni sahihi, lakini mimi siipendi ikiachwa peke yake. Ijaribu kwa x = 9 + 90 + 900 + … Ukizidisha kwa 10 unapata 90 + 900 + …, yaani x − 9, na hesabu inakuambia x = −1, ilhali jumla zenyewe ni 9, 99, 999 na kuendelea. Kosa ni kuipa x thamani kabla ya kuhakikisha kwamba jumla zina kikomo. Kwa 0.999… kikomo kipo, tumekiona katika pengo la 1/10ⁿ, na ndiyo maana hapo aljebra inaruhusiwa.