Muda wa Kuanza kwa Mghuno: Saa Ndogo Iliyomo Ndani ya p, t na k

Neno "kaa" likiandikwa ubaoni peke yake, mwanafunzi wa Dodoma atauliza ni kaa yupi: wa moto au wa baharini. Mzee wa Mombasa au Lamu anayetamka Kiswahili cha kwao hahitaji kuuliza akilisikia, kwa kuwa kwake hayo ni maneno mawili. Kaa la moto, ambalo wingi wake ni makaa, huanza kwa k kavu. Kaa wa baharini, ambaye wingi wake ni kaa vilevile, huanza kwa k inayofuatwa na pumzi. Ndivyo ilivyo pia kwa paa la nyumba na paa wa porini. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, na wengi wetu wa bara hatuitamki, lakini ipo na hupimika. Kipimo chake ndicho wanafonetiki wanachokiita muda wa kuanza kwa mghuno.

Kipasuo, yaani sauti kama p, t, k, b, d na g, hutamkwa kwa kuuziba kabisa mkondo wa hewa kinywani, kisha kuuachia ghafla. Kuachia huko ni tukio la kwanza. Tukio la pili hutokea kooni, pale nyuzi za sauti zinapoanza kutetema, na mtetemo huo ndio mghuno. Muda wa kuanza kwa mghuno ni nafasi iliyopo kati ya matukio hayo mawili, na huhesabiwa kwa milisekunde, sifuri ikiwekwa pale mzibo unapoachiwa. Nyuzi zikianza kutetema kabla ya mzibo kuachiwa, jibu huwa hasi, na kipasuo husikika kuwa ghuna kamili. Zikianza wakati uleule au nyuma kidogo, jibu huwa karibu na sifuri, na tunapata kipasuo kisichoghunwa kilicho kikavu. Zikichelewa sana, hewa hupita kooni bila mtetemo mpaka irabu ianze kughunwa, na upepo huo unaosikika katikati ndio mpumuo. Kwa mtazamo huu, mpumuo si kitu kilichopachikwa juu ya k. Ni kuchelewa tu kwa nyuzi za sauti, na mimi naona hapo ndipo uzuri wa dhana hii ulipo.

Kipimo hiki kilipata umaarufu mwaka 1964, Leigh Lisker na Arthur Abramson walipochapisha vipimo vya vipasuo vya mwanzo wa neno katika lugha 11. Kithai kilikuwa mfano safi, kwa sababu kina vipasuo vitatu vya midomo: b yake ilipata wastani wa milisekunde -97, p kavu 6, na p yenye mpumuo 64. Kihispania kina viwili tu, na kimekata mstari wa muda upande wa kushoto wa sifuri: b ilikuwa -138 na p ilikuwa 4. Kiingereza nacho kina viwili, lakini kimekata upande wa kulia: p ilikuwa 58, na b ya wasemaji wengi ilikuwa 1 hivi. Linganisha hiyo b ya Kiingereza na p ya Kihispania. Kwa saa, hizo ni karibu sauti moja, ila kila lugha imeipa jina lake. Kwa hiyo mtu akisema "ghuna" bila kutaja lugha, bado hajasema nyuzi za sauti zilianza lini.

Hatuhitaji kwenda Bangkok kuona mgawanyo wa sehemu tatu. Katika mkoa huuhuu wa Dodoma, wilayani Chemba, Kisandawe kina g, k kavu na k yenye mpumuo, na hutenganisha hivyohivyo sauti za ufizi na za midomo. Hapa mpumuo wake tutauonyesha kwa h, yaani kh, th na ph. Lugha hii hutajwa zaidi kwa vidoko vyake, na kwa sababu hiyo watu hulisahau jambo hili ambalo kwa mwanafunzi wa fonetiki lina faida kubwa.

Sasa tupime. Rekodi neno "kaa" likiwa ndani ya sentensi fupi isiyobadilika, kama "sema kaa tena", kisha ulifungue katika programu ya Praat, ambayo hutolewa bure. Ukivuta karibu mwanzo wa k, kwanza utaona mstari uliotulia, ambao ni kile kimya cha mzibo. Halafu unatokea mchomo mwembamba wa ghafla: huo ndio mwachio, na hapo unaweka alama ya kwanza. Baada yake mawimbi huwa madogo na ya ovyo, kisha yanaanza kurudiarudia kwa umbo lilelile. Pale mzunguko wa kwanza unapoanzia ndipo alama ya pili inapowekwa. Tuseme alama ya kwanza iko kwenye sekunde 0.412 na ya pili 0.437: tofauti ni milisekunde 25, nayo inafaa k kavu. Kama ya pili ingekuwa 0.487, tofauti ingekuwa 75, na hapo tungekuwa tunamsikia kaa wa baharini katika kinywa cha mzee wetu wa Pwani.

Usishangae kwamba 25 tumeiita kavu ilhali p kavu ya Kithai ilikuwa 6. Mzibo wa k uko nyuma kinywani, mahali ambapo nafasi ya hewa ni ndogo na ulimi huachia kwa sehemu pana, hivyo shinikizo hushuka polepole na nyuzi huchelewa kuanza. Ndiyo maana k hulinganishwa na k, na p na p. Kwa Dodoma yetu niongeze onyo moja: upepo wa mchana ukipiga maikrofoni huchora michomo inayofanana sana na mwachio, na nimewahi kutupa rekodi za asubuhi nzima kwa kosa la kuacha dirisha wazi.

Kipimo hiki kina mahali kinapokwama. Katika mb, nd na ng ya "ngoma", mghuno umeshaanza ndani ya nazali, hivyo namba hasi utakayoipata inapima urefu wa nazali, haipimi tabia ya kipasuo. B na d za Waswahili wengi wa Pwani hutamkwa kwa kushusha koromeo na kuvuta hewa ndani kidogo. Nazo hupata namba hasi, sawa na b ya kawaida, kwa hiyo saa haiwezi kuzitofautisha. Kihindi kina bh, ambayo hughunwa kabla ya mwachio na bado hufuatwa na pumzi baada yake, jambo ambalo namba moja haiwezi kulibeba.

Kisandawe pia kina k ya nne, ile inayotolewa koo likiwa limefungwa, nayo huandikwa k'. Nyuzi zake huchelewa kutetema, na ukisoma namba peke yake unaweza kuidhania kh. Tazama wimbi lenyewe kati ya alama zako mbili. Katika kh nafasi hiyo imejaa vurugu za pumzi. Katika k' mstari umetulia, kwa kuwa koo bado limefungwa na hakuna hewa inayopita.