Je, wajua? Ile <10 kwenye ripoti ya maabara ya losheni sio sifuri

"Dada, nimepeleka losheni yangu ya watoto maabara, ripoti ya Kiingereza imerudi, kwenye bakteria wameandika <10 cfu/g. Nitafsirie tu, si maana yake hakuna bakteria kabisa?"

Hapana mama, maana yake ni "chini ya 10 kwa kila gramu", na hivyo hivyo ndivyo inavyotakiwa kuandikwa kwa Kiswahili. Najua inavyovutia kuandika 0, maana hata mimi niliwahi kuandika 0 kwenye tafsiri ya mtengenezaji mmoja, nikiamini namrahisishia. Bechi iliyofuata ikaja na 30, akaona bidhaa imeharibika, akamwaga ndoo nzima ya losheni. Ilikuwa nzima kabisa, imepita mtihani vizuri tu, na iliyomdanganya ni sifuri yangu. Hadi leo inaniuma.

Hiyo alama ya "chini ya" inatokana na namna wanavyopima. Ukiangalia safu ya njia ya kupima mara nyingi utakuta ISO 21149, hiyo namba usiitafsiri wala usiifupishe, iache ilivyo pamoja na mwaka wake kama umeandikwa, halafu pembeni eleza "kuhesabu bakteria kwenye sahani". Wanachukua gramu 1 ya losheni, wanaikoroga kwenye mililita 9 za maji maalum, kwa hiyo sasa gramu yako imetawanyika kwenye sehemu 10. Kisha wanachota mililita 1 tu ya huo mchanganyiko, wanaiweka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli, wanaiacha kwenye joto la nyuzi 32 hivi kwa siku 3, halafu wanahesabu nukta zilizoota. Kila nukta ni koloni, na cfu ndiyo hesabu ya hizo koloni.

Sasa fikiria kikombe cha mchele umekigawa mafungu 10 yaliyo sawa, ukachambua fungu moja. Ukikuta mawe 3 unakadiria kikombe kizima kina 30, ndiyo ile 30 iliyomtisha yule mtengenezaji: koloni 3 mara 10. Usipokuta hata jiwe moja je? Huwezi kuapa kikombe hakina mawe, mafungu 9 hujayagusa. Unachoweza kusema ni kwamba kama yangekuwa 10 au zaidi, kwa wastani ungekutana na moja kwenye fungu lako, kwa hiyo yapo chini ya 10. Maabara nayo inasema hicho hicho, haisemi zaidi ya ilichoona, na mfasiri asiisemee.

Na hata sahani safi inaaminika pale tu maabara ilipokizima kwanza kihifadhi kilichomo kwenye losheni, kwa sababu kikiingia na sampuli kinaendelea kuzuia bakteria wasiote na sahani inatoka nyeupe kwa uongo. Hilo mteja ana haki ya kuliuliza.

Kwenye safu ya ukomo andika "isizidi", sio "kiwango", maana kiwango ni ule waraka mzima. Kama ripoti imetumia ISO 17516, losheni ya watoto chini ya miaka 3 isizidi 100, ya watu wazima isizidi 1,000. Ila kwa kuwa kuhesabu koloni kunayumba, kiwango hicho chenyewe kinahesabu bidhaa ya watoto imezidi ikivuka 200, kwa hiyo ukiona 120 halafu pembeni imeandikwa imekidhi usikimbilie kusahihisha ripoti ya watu.

Kuna mstari mwingine unaofanana na huu lakini sio sawa, ule wa bakteria wabaya kama E. coli. Pale wanachukua gramu 1 nzima, wanaistawisha kwanza kwenye supu ya virutubisho ili hata kama yupo mmoja aongezeke, ndipo wanamtafuta. Hapo hakuna hesabu, ni yupo au hayupo, kwa hiyo andika "hakuonekana katika gramu 1", na hiyo gramu 1 usiiache maana ndiyo inayosema walitafuta wapi.

Mwisho ule mstari wa chini wa kupita. Wengi wanautafsiri "bidhaa imethibitishwa", halafu mtu anaubandika kwenye lebo. Andika: "Sampuli iliyopimwa imekidhi matakwa ya kiwango kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu." Ni sampuli ile, kwa vipimo vile. Leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS ni karatasi nyingine, inaombwa kivyake, na bechi utakayopika kesho hakuna sahani iliyoiona bado.